Shajara ya mradi: Kuwatafuta wanachama ambao majina yao hayamo kwenye orodha ya malipo

Siku ya kwanza: orodha mbili na jibu lisiloaminika

Chama kimoja cha akiba na mikopo katika Kanda ya Ziwa kimenipa mafaili mawili. La kwanza ni rejista ya wanachama, lenye mistari 412, na kila mstari una namba ya uanachama, jinsia na majina matatu: la mwanachama mwenyewe, la baba na la babu au ukoo. La pili ni orodha ya waliolipia hisa za mwaka, lenye mistari 396, lililochapwa kutoka kwenye vishina vya stakabadhi, na lina namba ya stakabadhi, jina na kiasi tu, bila namba ya uanachama. Mhazini anataka kujua ni mwanachama gani yumo kwenye rejista lakini hayumo kwenye malipo. Kila mtu hulipa mara moja kwa mwaka, hivyo jina moja la rejista linapaswa kukutana na mstari mmoja wa malipo. Majina yote yatakayoonekana katika shajara hii ni ya mfano, ila makosa yake ya uandishi ni yale niliyoyakuta.

Kama orodha ya malipo ingekuwa na namba ya uanachama, kazi hii ingekwisha kwa mistari minne ya msimbo. Kwa kuwa haina, jina ndilo linalobeba mzigo wote, na jina la mtu kwetu huandikwa kwa namna nyingi bila yeyote kuona kuwa amekosea.

Kabla ya kulinganisha chochote, skripti yangu ya Python ilikataa kusoma faili la kwanza. Ilitoa `KeyError: 'Jina'`, ilhali safu yenye kichwa cha Jina naiona kwa macho yangu. Nilichapisha vichwa vya safu kwa kutumia `ascii()`, ambayo huonyesha kila alama isiyo ya kawaida kwa namba yake, nikakuta kuwa kichwa chenyewe ni `'\ufeffJina'`. Hiyo ni alama isiyoonekana ambayo Excel huiweka mwanzoni mwa faili inapolihifadhi kama CSV ya UTF-8. Kufungua faili kwa `encoding="utf-8-sig"` kunaiondoa.

Baada ya hapo nililinganisha majina kama yalivyo, seti moja ikitolewa kwenye nyingine. Skripti ilisema kuwa majina 268 ya wanachama hayamo kwenye malipo. Jibu hilo haliaminiki kabisa, kwa sababu orodha ya malipo ni fupi kuliko rejista kwa mistari 16 tu. Nimeiandika namba hiyo 16 juu ya karatasi yangu, na ninakusudia kuirudia kila siku: idadi ya wanachama wanaobaki bila malipo, ukitoa idadi ya malipo yanayobaki bila mwanachama, lazima iwe 16, hata nikifanya ulinganishaji kwa njia gani.

Siku ya pili: usafi wa herufi

Orodha ya malipo ilichapwa na makarani wawili. Mmoja aliandika kila kitu kwa herufi kubwa tupu, mwingine aliandika kwa utaratibu wa kawaida, na wote wawili waliacha nafasi mbilimbili katikati ya majina. Hayo ni mepesi. Kwa herufi kubwa na ndogo nimetumia `casefold()` badala ya `lower()`, kwa sababu imekusudiwa kulinganishia maandishi, ingawa kwa majina yaliyoandikwa kwa herufi zetu sijaona tofauti yoyote kati ya hizo mbili.

Nafasi ndizo zilizonichelewesha. Jina moja liliendelea kukataa kulingana na pacha wake hata baada ya kubadilisha kila nafasi mbili kuwa moja. Nilipolichapisha kwa `ascii()` nikaona `'asha\xa0juma mabula'`. Nafasi ya kwanza haikuwa nafasi ya kawaida bali ile isiyokatika, ambayo kwenye kioo huonekana sawasawa na nyingine. Kwa bahati nzuri, `split()` isiyopewa kitu ndani ya mabano huitambua nafasi hiyo pia, kwa hiyo kulikata jina vipande na kuviunganisha upya kwa nafasi moja kunamaliza tatizo lote kwa pamoja.

Jambo la tatu ni ritifaa. Huku majina kama Ng'wandu na Ng'hwani ni ya kila siku. Rejista ina ritifaa iliyonyooka, lakini orodha ya malipo ina ritifaa iliyopinda, ambayo simu nyingi na programu za kuandikia huiweka zenyewe bila kuulizwa. Kwa msomaji ni kitu kilekile. Kwa kompyuta ni herufi mbili tofauti, moja ikiwa U+0027 na nyingine U+2019. Nilidhani kusawazisha maandishi kwa utaratibu wa NFKC kungetosha, lakini utaratibu huo hauigusi ritifaa iliyopinda, hivyo nimelazimika kuibadilisha kwa mkono.

```python
import re

def safisha(jina):
    jina = re.sub(r"[\u2018\u2019\u02bc`]", "'", jina)
    return " ".join(jina.casefold().split())
```

Baada ya usafi huu wanaokosekana walishuka kutoka 268 hadi 131. Nilichukua ishirini wa mwanzo nikawasoma mmoja mmoja, na karibu wote walikuwa watu ambao nimeweza kuwaona kwenye orodha ya pili kwa macho: Hamisi ameandikwa Khamis, Rashidi ameandikwa Rashid, Ali ameandikwa Ally.

Siku ya tatu: tahajia za majina yetu zina kanuni

Ushauri wa kwanza ambao mtu yeyote anayejua Python angeupata ni kutumia `difflib`, maktaba iliyomo ndani ya Python yenyewe, ambayo hupima mfanano wa maneno mawili na kutoa namba kati ya 0 na 1. Nimeipima kwanza kwa mkono, kwa sababu sitaki kuweka majina ya watu na fedha zao mikononi mwa kipimo nisichokielewa. Kipimo chake ni rahisi: huhesabu herufi zinazolingana kwa mpangilio, huzizidisha kwa mbili, kisha huzigawa kwa jumla ya herufi za maneno yote mawili.

Mohamed na Muhammad yana herufi 15 kwa jumla, na zinazolingana ni tano, yaani m, kipande cha h-a-m, na d. Hivyo mfanano wao ni 10 kwa 15, takriban 0.67. Salim na Salima yana herufi 11, na zinazolingana ni tano pia, hivyo mfanano ni 10 kwa 11, takriban 0.91. Kwa kipimo hicho, mwanamume Salim na mwanamke Salima wanakaribiana zaidi kuliko tahajia mbili za jina lilelile la mtu mmoja. Hakuna kiwango utakachokiweka ambacho kitawaunganisha wale wa kwanza bila kuwachanganya hawa wa pili.

Kasoro iliyonitia hofu zaidi ni ya pacha. Rejista ina Kulwa Masanja na Doto Masanja, watoto waliozaliwa pamoja, na wote ni wanachama. Nikiyalinganisha majina hayo kwa ukamilifu wake, jina la ukoo pamoja na nafasi iliyo kabla yake ni herufi nane zinazolingana kati ya jumla ya 25, na mfanano unakuwa 0.64. Kiwango ambacho `get_close_matches` hukitumia usipoweka chako ni 0.6. Maana yake ni kwamba kama Kulwa hajalipa na Doto amelipa, skripti ingempa Kulwa stakabadhi ya pacha wake, bila onyo lolote, ingawa Kulwa na Doto hayana hata herufi moja ya pamoja.

Kwa hiyo nimeweka mfanano pembeni kwa sasa na kuanza na kanuni. Tahajia za majina yetu hazitofautiani ovyo. Nyingi zinatokana na jina la Kiarabu kuandikwa mara kwa matamshi ya Kiswahili na mara kwa kufuata asili yake. Kiswahili huongeza irabu mwishoni ili silabi isiishie kwenye konsonanti, na ndiyo sababu Rashid huwa Rashidi na Yusuf huwa Yusufu. Sauti ya kh huandikwa h na wengi. Herufi huandikwa mara mbili na mtu mmoja, mara moja na mwingine, kama Hassan na Hasani. Kila jina basi nalipa ufunguo, yaani umbo lake lililopunguzwa, na ninalinganisha funguo badala ya majina.

```python
JEDWALI = {"muhamad": "mohamed", "muhamed": "mohamed",
           "aly": "al", "fatma": "fatuma"}

def ufunguo(jina):
    sehemu = []
    for s in safisha(jina).split():
        s = s.replace("kh", "h").replace("dh", "d")
        s = re.sub(r"(.)\1+", r"\1", s)
        s = re.sub(r"(?<=[^aeiou])[iu]$", "", s)
        sehemu.append(JEDWALI.get(s, s))
    return " ".join(sehemu)
```

Irabu ya mwisho inayoondolewa ni i na u peke yake, tena pale tu inapofuata konsonanti. Nimeiacha a kwa makusudi, kwa kuwa ndiyo inayomtenga Salima na Salim, Saida na Saidi, Amina na Amini. Jedwali lililo juu ni la yale yasiyofuata kanuni, na nimeliweka likiwa fupi. Asha na Aisha sikuwaunganisha. Najua kwamba mara nyingi ni jina moja, lakini nimewahi kufahamu nyumba ambamo majina hayo mawili ni ya ndugu wawili, kwa hiyo uamuzi huo ni wa mtu anayewajua. Kubadilishana kwa l na r, kama Rehema na Lehema, nako sikukuingiza kwenye ufunguo, kwa sababu herufi hizo zimo katika majina mengi mno na kanuni moja ingegusa nusu ya rejista.

Ufunguo unaweza kupunguza kupita kiasi na kuwafanya watu wawili kuwa mmoja. Nimelipima hilo ndani ya rejista peke yake, kabla ya kugusa malipo: nimekusanya majina yote kwa funguo zake na kuchapisha kila ufunguo wenye zaidi ya mstari mmoja. Yalitoka makundi matatu, kila moja likiwa na watu wawili wenye namba tofauti za uanachama. Kundi moja lilikuwa la wanawake wawili walioandikwa Asha Juma Ali herufi kwa herufi. Si kosa la ufunguo, ni majina yaliyogongana. Niliridhika nikaendelea, na hapo ndipo nilipokosea.

Siku ya nne: kumi na tatu badala ya kumi na sita

Kwa kutumia funguo, wanaokosekana wameshuka hadi 58, na malipo yasiyo na mwenyewe ni 45. Tofauti ni 13. Ilipaswa kuwa 16.

Nilipoteza asubuhi nzima nikitafuta kasoro kwenye usomaji wa mafaili, kumbe jibu lilikuwa mbele yangu tangu jana. Nilikuwa bado natumia seti, na seti huhifadhi kila kitu mara moja tu. Wanachama wawili wanaoitwa Asha Juma Ali huingia kwenye seti wakiwa mtu mmoja. Mmoja wao akiwa amelipa, wote wawili huhesabiwa kuwa wamelipa, na yule wa pili hutoweka kimyakimya. Makundi matatu ya jana yalikuwa yamemeza watu watatu, na watatu hao ndio pengo kati ya 13 na 16.

Dawa yake ni `Counter`, ambayo huhesabu kila ufunguo umetokea mara ngapi. Ukitoa moja kwenye nyingine, hupunguza idadi na kubakiza zile zilizo juu ya sifuri.

```python
from collections import Counter

a = Counter(ufunguo(j) for j in wanachama)
b = Counter(ufunguo(j) for j in malipo)
wasiolipa = a - b
wasiojulikana = b - a
```

Sasa wanaokosekana ni 61 na malipo yasiyo na mwenyewe ni 45, na tofauti ni 16. Ila `Counter` haiwezi kusema ni Asha yupi aliyelipa. Skripti inajua tu kwamba yumo mmoja. Kwa makundi hayo matatu nimechapisha namba zote mbili za uanachama kwenye karatasi ya mhazini, pamoja na kiasi kilicholipwa, ili aamue kwa kishina cha stakabadhi.

Siku ya tano: baba na mwana

Nimepitia mabaki. Sehemu kubwa ni watu walioandikwa majina matatu kwenye rejista na mawili kwenye malipo. Wengine karani ametanguliza jina la ukoo, kwa mtindo wa fomu za ofisini. Wachache wana tahajia ambazo kanuni zangu hazizifikii, kama Salim na Salum.

Kwa wale wa mpangilio, wazo la haraka ni kupanga vipande vya kila jina kwa alfabeti kabla ya kulinganisha, ili Masanja Kulwa na Kulwa Masanja yawe kitu kimoja. Niliandika mstari huo, nikaendesha, na mabaki yakapungua vizuri sana. Kisha nikampigia simu mhazini kumsomea baadhi ya jozi mpya, na katika ile ya nne akanikatiza.

"Hapana, mwanangu. Hamisi Juma ni mzee wetu, na Juma Hamisi ni kijana wake wa kwanza. Kila mmoja ana kitabu chake."

Alikuwa sahihi, na ningepaswa kuliona mwenyewe. Kwetu mtoto wa kwanza wa kiume mara nyingi hupewa jina la babu yake, na jina la pili la mtoto ni la baba. Hamisi mwana wa Juma akimzaa mtoto na kumwita Juma, mtoto ataandikwa Juma Hamisi. Mpangilio wa majina ndio unaotofautisha vizazi viwili, na mimi nilikuwa nimeufuta. Nimeuondoa mstari ule. Mpangilio uliogeuzwa sasa hutoa pendekezo tu, na kama majina yote mawili, lililonyooka na lililogeuzwa, yamo kwenye rejista, skripti huandika neno HATARI mbele ya jozi hiyo.

Majina mawili dhidi ya matatu nimeyashughulikia kwa namna hiyohiyo. Malipo yenye jina la Neema Mabula yanaweza kuwa ya mwanachama ambaye majina yake mawili ya kwanza ni hayo, au ambaye jina la kwanza na la mwisho ndiyo hayo. Skripti hutafuta wote wanaofaa katika rejista nzima, si katika mabaki tu. Nilianza na mabaki tu, nikaona kuwa hilo linaficha watu: kama kuna Neema wawili wanaofaa na mmoja ameshapata jozi, yule wa pili huonekana kuwa ndiye pekee, ilhali inawezekana kabisa stakabadhi hiyo ni ya yule wa kwanza aliyelipa mara mbili. Akipatikana mmoja tu, jozi hupendekezwa. Wakipatikana wawili, wote huandikwa.

Mfanano wa `difflib` nimeurudisha hapa, mwishoni kabisa, lakini kipande kwa kipande, na alama ya jozi ni ya kile kipande kilichofanana kidogo kuliko vyote.

```python
from difflib import SequenceMatcher

def mfanano(x, y):
    p, q = x.split(), y.split()
    if len(p) != len(q):
        return 0
    return min(SequenceMatcher(None, m, n).ratio()
               for m, n in zip(p, q))
```

Kwa njia hii Kulwa na Doto wanapata sifuri, kwa kuwa ukoo mmoja hauwezi tena kuwabeba. Salim na Salum wanapata 0.8 na kupita kiwango cha 0.75 nilichokiweka. Salim na Salima bado wanapita, kwa hiyo nimeongeza safu ya jinsia kutoka kwenye rejista, ili mhazini aione kando ya kila pendekezo.

Siku ya sita: karatasi ya mhazini

Skripti haiunganishi jozi yoyote ya hatua hii ya mwisho. Inatoa faili moja la CSV lenye jina la rejista, namba ya uanachama, jinsia, jina la malipo, kiasi, sababu ya pendekezo, na safu tupu ya Ndiyo au Hapana. Majina yanaonyeshwa kama yalivyoandikwa mwanzoni, si kwa funguo, kwa maana hakuna mtu anayejitambua kwenye umbo la "hamis al".

Mhazini aliketi na vishina vyake kwa muda wa saa mbili hivi. Alikubali jozi 40: ishirini na tatu za majina mawili dhidi ya matatu, tisa za mpangilio uliogeuzwa, na nane za tahajia. Alikataa ya baba na mwana, pamoja na Asha mmoja aliyependekezwa kuwa Aisha. Mabaki ni wanachama 21 bila malipo na malipo matano bila mwanachama. Tofauti ni 16.

Siku ya saba: malipo matano

Nilidhani kazi imekwisha, lakini mhazini hakutaka kutangaza majina ya watu 21 kabla ya kujua hayo malipo matano ni ya nani, na nakubaliana naye, maana mwanachama anayetajwa mbele ya mkutano kuwa hajalipa, ilhali amelipa, hasahau upesi.

Matatu ni ya watu waliojitoa uanachama katikati ya mwaka na kufutwa kwenye rejista baada ya kulipa. Mawili yaliyobaki hayakufanana na jina lolote, hata kwa kiwango cha chini sana cha mfanano. Mhazini alikitoa kishina cha mojawapo na kukigeuza. Nyuma yake kulikuwa na maneno ya kalamu: "kaleta mtoto wa mama Neema". Karani alikuwa ameandika jina la mtoto aliyezileta fedha badala ya jina la mama aliyemtuma. Kishina cha pili kilikuwa na hadithi hiyohiyo, isipokuwa huko hakukuwa na maandishi nyuma, na mhazini alilazimika kumpigia simu mwenye jina hilo.

Majina hayo mawili nimeyaandika katika faili dogo la marekebisho ambalo skripti hulisoma kabla ya kulinganisha, lenye namba ya stakabadhi, namba ya uanachama na tarehe ya uamuzi wa mhazini, ili mtu mwingine akiendesha skripti mwezi ujao apate jibu hilohilo. Wanachama wasiolipa sasa ni 19, malipo yasiyo na mwanachama ni matatu, na kwa vitabu vipya vya stakabadhi mhazini ameagiza kisanduku cha namba ya uanachama kichapwe juu ya mstari wa jina.